Bilulu Katika Mayi ya Baba

Shangazi yangu alikuwa wa kwanza kusema kwamba yule munganga, yaani daktari, alikuwa na nia mbaya. Mimi nilikuwa wa pili. Baba hakusema kitu, kwa sababu siku hizo kila neno lilimgharimu pumzi, na pumzi ndiyo iliyokuwa imemuishia.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Kwetu dada wa baba humwiti mama, unamwita tata mwanamuke, yaani baba wa kike, na wangu alistahili jina hilo kuliko wanaume wengi. Alikuwa mfupi, mpana, ana sauti ya kuuza samaki wakavu sokoni, na hamwamini mtu. Alipokuwa akinunua unga alikuwa akitia mkono hadi chini ya gunia. Nimerithi tabia hiyo kutoka kwake, na sioni haya.

Baba alikuwa dereva wa mtambo wa kuchimba kwenye mgodi uitwao Mashamba, kwenye mashimo ya shaba. Alizaliwa hapohapo Kolwezi, Katanga. Babu ndiye aliyeletwa kutoka mkoa wa Kasai na wazungu wa migodi, na Kasai yenyewe baba hakuwahi kuikanyaga. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nilizaliwa katika nyumba ya kampuni tuliyokuwa bado tukiishi, yenye ukanda mwembamba wa bustani mbele. Halafu wakubwa wa mkoa wakaanza kusema kwenye mikutano kwamba watu wa asili ya Kasai warudi kwao. Kwao wapi, hawakusema. Baba akafukuzwa kazi, vijana wakaja wakachora msalaba wa chokaa kwenye mlango wetu, na kila aliyepita barabarani akajua kwamba nyumba hiyo inasubiri mmiliki mwingine. Mama akaenda na wadogo zangu stesheni ya treni kukaa juu ya mizigo, pamoja na mamia ya watu waliokuwa wakilala hapo nje wakingoja mabehewa.

Baba ndiye aliyetuchelewesha. Alianza na homa na maumivu ya ubavu wa kulia, ya kuchoma akivuta hewa. Tukadhani ni baridi. Baada ya wiki chache maumivu yakapungua, tukafurahi, kumbe tulifurahia ubaya. Pumzi ikaanza kuwa fupi. Hakuweza tena kulala chali, alilala ameketi, kichwa kwenye magunia. Ukimuuliza kitu alijibu neno, akapumzika, akaongeza jingine.

"Mutu huyu mukimupandisha behewa hivi, mutamushusha maiti," mama alisema stesheni. Hakuwa analia. Alisema kama mtu anayesoma bei. Basi mimi na shangazi tukamchukua tukampeleka lopitali.

Lopitali wakati huo ilikuwa jengo zuri lisilo na kitu ndani. Waganga wengi wazungu waliondoka baada ya uporaji wa wanajeshi, na waganga wetu wenyewe wa asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa au wamejificha. Aliyebaki kwenye wodi ya wanaume alikuwa mwanamke mmoja, si mzee, mrefu, mkimya, mwenye makunyanzi mawili katikati ya nyusi kama mtu anayefanya hesabu daima. Lafudhi yake ilikuwa ya wenyeji kabisa, wale waliokuwa wakituambia tuondoke. Shangazi alimtazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Huyu ni wa kwao," akaninong'oneza.

"Naona," nikasema.

Munganga akagonga mgongo wa baba kwa vidole, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Hata mimi nilisikia tofauti. Kushoto palilia kama debe tupu, kulia palikuwa bubu. Akasikiliza kwa kipimo chake cha masikioni, akamwambia baba aseme "thelathini na tatu", mara nyingine tena, mara nyingine tena, ili asikie sauti inavyopita kifuani. Halafu akatuambia kwamba kuna mayi, maji, kifuani.

"Mayi yameingia mu pafu?" nikauliza.

"Hapana. Si ndani ya pafu. Yako kati ya pafu na ukuta wa kifua. Yanasukuma pafu, halina pa kukaa."

Akasema anataka kuyaona kwanza kabla ya kumgusa na sindano. Mashine ya kuona, ya ekografi, ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa wodi ya wazazi, kwa ajili ya kutazama watoto tumboni. Tukamkalisha baba kwenye kiti cha magurudumu, gurudumu moja likiyumba, tukavuka ua. Wanawake wajawazito kwenye benchi walicheka kumwona mwanamume anaingia pale. Baba naye alijaribu kucheka akakohoa hadi machozi.

Kule ndani mambo yalizidi kututia shaka. Ile dawa ya ute wanayopaka chini ya kichwa cha mashine ilikuwa imekwisha. Munganga akatoa chupa ya mafuta ya kupikia akammiminia baba mgongoni. Haki ya Mungu, mafuta ya kukaangia samaki!

"Mawee," akasema shangazi. "Wanamutayarisha kwa chungu."

"Bila mafuta hewa inaingia katikati, mashine haioni kitu," munganga akajibu bila kugeuka. Hakutabasamu. Angetabasamu, huenda mambo yote yangekwenda vingine.

Alimkalisha baba ukingoni mwa kitanda, ameegemea mbele juu ya meza yenye mto, mikono imekunjwa. Akatembeza kile kichwa mgongoni, juu, chini, pembeni, akitazama kioo. Sisi hakutuonyesha. Mwisho akapangusa mafuta kwa spiriti, akatoa kalamu ya buluu akachora msalaba mdogo kwenye mgongo wa baba.

Shangazi akanishika mkono kwa kucha. Msalaba, jamani. Siku zile, ukituchorea msalaba, hata kwenye karatasi, tunauona mlango wetu.

Halafu munganga akamgeukia muuguzi wake, mwanamume wa makamo aliyekuwa akipanga vitambaa. "Mayi ni mingi," akamwambia. "Tutatosha, halafu tutapeleka ku labo baangalie kama kuko bilulu."

Kutosha kwetu ni kutoa, na labo ni maabara, lakini bilulu lazima nieleze. Katika Kiswahili chetu cha Katanga, bilulu ni wadudu: wa maharagwe, wa godoro, na hata wale wasioonekana wanaoleta magonjwa. Miezi hiyo, bilulu tulikuwa sisi. Ndivyo walivyokuwa wakituita barabarani. Ndivyo watoto niliowafundisha kusoma walivyoniita kupitia dirisha la darasa langu mwenyewe, kwa sauti tamu kabisa, kama wanaimba. Wadudu wamekula nchi, wadudu watoke.

Sasa fikiria umeketi na baba yako mgonjwa, mwenyeji mmoja amemchora msalaba, na anasema ataangalia kama kuna bilulu.

"Umesikia?" shangazi akasema tulipotoka mlangoni. "Umesikia vizuri?"

"Nimesikia."

"Bilulu. Mbele yetu. Hata haogopi."

"Acheni," baba akasema. Akavuta hewa. "Munganga." Akavuta tena. "Afanye."

Muuguzi akatupa habari nyingine. Sindano kubwa, glavu na dawa ya ganzi havikuwepo, sisi wenyewe tukavitafute mjini. Halafu akaongeza kwamba kwa kawaida, mgonjwa akishachorwa alama, anarudishwa wodini na anatobolewa pale kitandani. Lakini munganga huyu hataki. Ameagiza baba arudishwe tena kwenye chumba cha mashine, mlango ufungwe, hapo ndipo amtoboe.

"Kwa nini asitobolewe wodini kama watu wengine?" nikamuuliza.

"Ndivyo anavyotaka yeye," akasema, akainua mabega.

Mlango ufungwe! Nilikwenda mjini kutafuta vile vitu nikiwa nachemka. Maduka ya dawa yalikuwa yamevunjwa, nilivipata kwa mama mmoja aliyeuza vidonge kwenye sinia pamoja na nyanya. Njia nzima nilikuwa nahojiana na yule munganga kichwani, na kila mara nilimshinda. Kwa nini mlango? Kwa nini kwetu tofauti? Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitaingia humo ndani, apende asipende, na nitasimama pale ninapoiona mikono yake.

Nilipomwambia munganga hivyo alinitazama kidogo. "Ingieni wote wawili," akasema. "Lakini nawaeni mikono, na musiguse meza ya vitambaa vya kijani."

Sikutegemea jibu hilo. Nilinawa nikiwa bado na hasira, maana hasira haikuwa na pa kwenda.

Baba akaketishwa vilevile, ameegemea mto juu ya meza. Muuguzi akamfunua mgongo. Munganga akainama.

"Mimi nilichora kwa buluu," akasema.

Msalaba wa mgongoni ulikuwa mwekundu. Mwekundu wa kusahihishia madaftari. Niliijua rangi ile kama ninavyoijua sura yangu, kwa sababu kalamu ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeiacha kwenye kikapu cha shangazi nilipokwenda mjini.

Nikamtazama shangazi. Alikuwa akitazama dari.

"Nani amechora hii?" munganga akauliza. Hakupaza sauti.

Nje mtoto mchanga alikuwa analia.

"Tata mwanamuke," nikasema.

"Ni mimi!" akalipuka shangazi. "Mi ndiye! Ulimuchora musalaba kama mulango wetu. Ukasema bilulu. Nikaufuta na sabuni. Halafu nikaogopa, nikasema akikuta hakuna alama atakataa kumutunza, tutakosa vyote. Nikachora mwingine. Nikashusha chini, mbali na moyo. Kama unataka kumuua, sindano isifike ku moyo!"

Nilitaka sakafu ya saruji inimeze. Yaani niliona aibu, na papo hapo nikaona fahari, na nikaogopa sana kwamba sasa tutafukuzwa hapo pia. Baba, uso juu ya mto, alitoa sauti fulani ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko au mguno.

Munganga akamtazama muuguzi. "Bilulu?" akauliza, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Kisha nikaona amekipata. Uso wake ulibadilika rangi, na makunyanzi yale mawili yakalegea.

"Mama," akamwambia shangazi, "nilisema bilulu ya ugonjwa. Mikrobi. Ya ndani ya mayi."

"Kuko neno lingine," akasema shangazi.

"Kuko. Ningelitumia lingine." Hakusema pole. Nililiona hilo, nikaliweka akilini dhidi yake.

Akachukua ile chupa ya mafuta. "Njooni hapa mutazame," akasema, na safari hii akageuza kioo kwetu.

Akaweka kichwa cha mashine juu ya msalaba mwekundu wa shangazi. Kwenye kioo kulikuwa na ukungu wa kijivu, mnene, wenye chembechembe, na juu yake mstari mweupe uliopinda. Mstari ule ulipanda na kushuka kila baba alipopumua.

"Huu musitari ni kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo. Akitoa hewa, unapanda. Angalia." Ukapanda, na kile kijivu kikajaa kioo chote. "Hiki cha chini ni ini lake. Ningetoboa kwenye alama ya mama, sindano ingeingia mu ini. Angevuja damu ndani, na hapa sina damu ya kumuongezea."

Shangazi akaweka mkono kwenye ubavu wake mwenyewe.

Munganga akapandisha kichwa cha mashine taratibu. Kijivu kikashuka na kupotea, pakaja weusi mtupu, mkubwa, kama shimo. "Nyeusi ni mayi." Ndani ya weusi ule kitu kidogo chenye ncha kilikuwa kinapepea, kinakwenda na kurudi. "Na lile ni pafu lake, limekunjika. Linaelea."

Nililitazama pafu la baba yangu. Lilikuwa dogo kama jani la muhogo lililonyauka, na lilikuwa linajaribu. Machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

"Natafuta mahali mayi ni mengi," munganga akaendelea, sasa anasema na sisi kama anavyosema na wanafunzi, "na mahali kiwambo hakifiki hata akitoa hewa yote, na pafu liko mbali na ncha. Sitaki karibu na uti wa mgongo, maana huko mishipa inapita katikati ya mbavu. Huku pembeni mishipa inajificha chini ya kila ubavu, kwa hiyo nitapita juu ya ukingo wa ubavu, si chini yake."

"Na alama yako ya buluu?" nikamuuliza. Nilikuwa bado ninatafuta kosa lake, siwezi kuficha. "Ingekuwapo ungetoboa hapohapo bila kutazama tena?"

"Hapana. Ndiyo maana nilikataa wodini. Amebebwa kwenye kiti, amelala, amekohoa, ameketi tena. Mayi yanahama, ngozi inateleza. Mi siamini alama, hata yangu mwenyewe."

Basi hapo shangazi akamtazama upya, vile alivyomtazama mwanzoni, kutoka viatuni hadi kichwani, ila macho hayakuwa yaleyale. Mtu asiyeamini hata mkono wake mwenyewe, huyo shangazi alimwelewa.

Munganga akapima kwenye kioo umbali wa kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mayi, akakandamiza kifuniko cha kalamu mgongoni hadi kikaacha duara kwenye ngozi. Akamwambia baba asisogee hata kidogo tangu hapo. Muuguzi akapangusa mafuta yote, munganga akanawa, akavaa zile glavu nilizonunua kwenye sinia la nyanya, akasafisha mgongo kwa dawa ya iodi kuanzia pale penye duara kwenda nje, mara kadhaa, akatandika kitambaa cha kijani chenye tundu.

Sindano ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya ganzi. Akaipeleka pole pole, akitia dawa kidogo, akivuta nyuma kuona kama kuna damu, akitia tena. Aligusa mfupa wa ubavu, baba akashtuka, akapita juu yake. Akavuta nyuma tena na ndani ya bomba la sindano yakaingia mayi ya manjano hafifu, safi, kama chai ya mchaichai.

"Si damu," akasema shangazi.

"Si damu, na si usaha. Ingekuwa usaha ningemwekea mpira wa kukaa ndani."

Halafu ikaja ile sindano nene yenye ala ya plastiki. Mimi ndiye niliyeinunua, na kuiona inaingia kwa baba yangu ilikuwa kama nimemchoma mwenyewe. Akamwambia baba ashike pumzi kidogo, akachomoa chuma, plastiki ikabaki ndani, kidole kikaziba haraka ili hewa isiingie. Akafunga kijibomba chenye koki na mpira mrefu ulioshuka hadi kwenye chupa sakafuni. Akafungua koki.

Mayi yakaanza kuteremka. Tulisikiliza yanavyodondoka. Chupa ikajaa, muuguzi akaweka nyingine. Pole pole mabega ya baba, ambayo kwa wiki nyingi yalikuwa yamepanda masikioni, yakashuka.

Chupa ya pili ilipofika nusu baba akaanza kukohoa, akasema kifua kinabana. Palepale munganga akafunga koki.

"Bado yako," akasema shangazi, shaka zake zikarudi mbio. "Kwa nini unayaacha? Unamubakizia ya kumumaliza?"

"Pafu limelala siku nyingi, mama. Nikilifungua lote kwa mara moja linaweza kujaa mayi lenyewe, ya ndani safari hii. Yakibaki kidogo si neno. Mwili utayanywa, au tutatoa siku nyingine."

Akachomoa plastiki baba akiwa anatoa hewa, akabandika plasta. Akampima presha, akasikiliza mgongo pande zote, akarudisha mashine kutazama yaliyobaki. Filamu za eksirei hazikuwepo, kwa hiyo akasema lazima baba alale lopitali, atazamwe. Akipata maumivu ya ghafla, pumzi ikikata tena, au akitema damu, tuite haraka, maana sindano inaweza kuwa imeingiza hewa au imegusa pafu.

Na stesheni walikuwa wanasema treni inakuja kesho.

Mnaona mtego ulivyokuwa? Ikiwa munganga ni mwema, tubaki. Ikiwa ni mbaya, ndivyo angetufanya tukose treni tubaki mikononi mwa wale vijana. Nilikwenda stesheni kumuuliza mama. Alinisikiliza akiwa ameketi juu ya cherehani yake.

"Anapumua?"

"Anapumua. Amekula uji. Amelala chali."

"Chali?" Mama akajifunika uso kwa kitenge. Treni ilipokuja, watu walipanda hadi juu ya mapaa, na mama hakuinuka juu ya cherehani.

Baba hakupata maumivu, wala damu. Majibu ya labo yalikuja siku kadhaa baadaye. Munganga alituletea mwenyewe kitandani, na niliona anavyotafuta neno kwa uangalifu kama mtu anayevuka matope.

"Hawakuona," akasema. "Hawakuona ile... mikrobi."

"Sema tu bilulu," baba akamwambia. Sasa aliweza kusema sentensi nzima, na alizitumia zote. "Mi ni mutu muzima."

"Hawakuona bilulu, tata. Lakini ugonjwa huu hujificha, mara nyingi hauonekani kwenye mayi. Chembe zilizokuwamo, rangi yake, homa yako, vyote vinasema ni kifua kikuu. Tutaanza dawa, na utazimeza miezi mingi hata ukijisikia mzima. Ukiacha, utarudi ulipotoka."

Akatuonya kwamba mojawapo ya dawa itageuza mkojo kuwa mwekundu. Afadhali alituonya. Shangazi alikwenda kuutazama kwenye kopo mwenyewe, akarudi akisema, "Kweli, hakudanganya," kwa sauti ya mtu aliyevunjika moyo kidogo.

Munganga alimtazama baba tena kwa mashine kabla ya kumruhusu. Weusi ulikuwa umebaki ukanda mwembamba chini kabisa, na pafu lilikuwa limefunguka, halionekani tena likielea. Hakuona haja ya kutoboa. Akampa dawa nyingi kuliko ilivyoruhusiwa, nadhani, kwa sababu alizitia mwenyewe kwenye kikapu cha shangazi na kuzifunika kwa kitenge. Kuhusu mambo ya nje ya lopitali, hakutamka hata neno moja. Hakusema tusiondoke. Hakusema tunaonewa. Mimi nilingoja aseme, na nilimchukia kidogo kwa kutosema, na nilimshukuru, vyote viwili kwa pamoja, na sijaweza kuvitenganisha.

Tulipanda treni iliyofuata. Baba alitembea kwa miguu yake hadi kwenye behewa, behewa la mizigo, lisilo na kiti. Vijana walikuwa wamejipanga kando ya reli kutuaga kwa namna yao. Mmoja alimwona baba, mrefu, amekonda, koti linamning'inia, akamnyooshea kidole.

"Bilulu!" akapiga kelele. "Bilulu mukubwa huyo!"

Nilimshika shangazi mkono, nimechelewa. Alikuwa ameshasimama mlangoni mwa behewa, kikapu cha dawa kifuani, sauti yake yote ya sokoni imepanda.

"Bilulu?" akajibu. "Ku labo yenu banatafuta bilulu mu mayi yake, habakuona hata kimoja! Hata kimoja! Uende uulize munganga wenu!"

Yule kijana akabaki na kidole hewani. Nyuma yangu baba akaanza kucheka. Alicheka ameshika magoti, alicheka hadi mama naye akaanza, cheko refu la kutoka chini kabisa mwa kifua, na mimi, kwa mazoea, nikageuka nikamtazama nikingojea kikohozi. Treni ikavuta, tukayumba, bado anacheka. Kikohozi hakikuja.